“Hujibu barua kwa wakati”: ni sifa au ni lawama? (Ukanushi wa vitenzi vyenye asili ya Kiarabu)

Karani_wa_Masijala

Habari za leo, wanajukwaa. Ofisini kwetu tunatumia fomu ya kupima utendaji wa watumishi iliyoandikwa kwa sentensi fupi zisizotaja mtenda, na mkuu wa kitengo huweka alama ya vema mbele ya kila sentensi anayoona inamfaa mtumishi husika. Baadhi ya sentensi hizo ni “Hufika kazini mapema”, “Hutunza majalada vizuri”, “Hujibu barua za wateja kwa wakati” na “Hufahamu taratibu za ofisi”. Hivi karibuni mtumishi mmoja alipopewa nakala yake alikuja juu, akaandika malalamiko kwamba ameambiwa hajibu barua, ilhali daftari la barua linaonyesha kuwa anazijibu. Mkuu wake alishangaa, kwa sababu alama ile aliiweka kwa nia ya kumsifu.

Nimeirudia sentensi ile na naona kila mmoja wao ana haki. Ninachotaka kuelewa ni kwa nini “Hufika kazini mapema” haikumtatiza mtu yeyote, lakini “Hujibu” imezua ugomvi. Shuleni tuliambiwa kwamba vitenzi vilivyotoka katika Kiarabu, kama jibu na hasibu, vina ukanushi wake wa pekee, na somo likaishia hapo. Je, hicho ndicho chanzo cha tatizo letu?

Kijana_wa_Vingunguti

Ndiyo, ndugu Karani, na jambo lenyewe ni jepesi. Vitenzi vya Kibantu huishia na a, na a hiyo hugeuka i tunapokanusha wakati uliopo: anasoma, hasomi, anapika, hapiki. Vitenzi vya Kiarabu havibadiliki kamwe. Anajibu, hajibu, anasafiri, hasafiri, anasamehe, hasamehe, anasahau, hasahau. Andikeni fomu upya kwa vitenzi vya Kibantu peke yake na mtapumzika.

Mwalimu_Mstaafu_Tanga

Kijana amesema nusu ya jambo, na nusu hiyo ni ya kweli, ila neno “kamwe” limempeleka mbali. Nitaanza na swali la Karani kisha nimrudie yeye.

Silabi hu- mwanzoni mwa kitenzi ina kazi mbili ambazo hazina uhusiano. Ya kwanza ni ya mazoea, kama tunavyosema “Baba husoma gazeti kila asubuhi”, na katika matumizi hayo hu- haibebi nafsi yoyote: mimi husoma, wewe husoma, wao husoma. Ya pili ni ya kumkanushia mtu mmoja tunayezungumza naye, ambapo ha- ya ukanushi na u- ya nafsi zimeungana, tukapata “Wewe husomi”. Masikio yetu hayachanganyikiwi, kwa sababu irabu ya mwisho inatufahamisha tuko upande gani: “husoma” ni mazoea, “husomi” ni ukanushi. Kwa hiyo mtumishi aliyeona “Hufika kazini mapema” alijua mara moja kwamba anasifiwa, maana lawama ingeandikwa “Hufiki”.

Sasa tuchukue jibu. Irabu yake ya mwisho ni u, na u hiyo haiguswi na ukanushi. Mazoea yake ni “hujibu” na ukanushi wake kwa nafsi ya pili ni “hujibu” vilevile. Tofauti ambayo ingeonekana mwishoni mwa neno haipo, na fomu yenu imefuta hata jina la mtenda ambalo lingetusaidia. Kungekuwa na “Bwana Fulani hujibu barua”, hapangekuwa na ugomvi, kwa kuwa hu- ya ukanushi ni ya “wewe” tu na haiwezi kumhusu Bwana Fulani. Lakini tazameni sentensi “Wewe hujibu barua zangu”. Hata mtenda akitajwa, sentensi hii bado ina maana mbili zinazopingana kabisa, na hakuna alama yoyote ndani yake inayochagua moja.

Kuhusu “kamwe”: Kijana ameandika kwamba vitenzi vya Kiarabu “havibadiliki”. Neno hilo alilolitumia linatokana na badili, ambalo asili yake ni Kiarabu. Kama kanuni yake ingekuwa sahihi kama alivyoiweka, ilimpasa aandike “havibadilika”.

Kijana_wa_Vingunguti

Mwalimu, umenikamata kwa neno langu mwenyewe. Lakini badilika si kitenzi kilekile, ni mnyambuliko wake. Kitenzi chenyewe ni badili, nacho ni “habadili”.

Mwalimu_Mstaafu_Tanga

Hapo sasa tunakubaliana, na ndipo kanuni yenyewe ilipo. Anayeamua si asili ya neno bali irabu ya mwisho ya neno lililo mbele yako. Likiishia na a, ukanushi wa wakati uliopo unaigeuza kuwa i. Likiishia na i, u au e, hakuna kinachoguswa. Vitenzi vingi tulivyovipata kutoka Kiarabu vinaishia na i, u au e katika umbo lake la msingi, na kwa sababu hiyo walimu wamezoea kuviita vitenzi vya Kiarabu na kumaliza. Ukishaviongezea viambishi vya mnyambuliko, vinapata a ya mwisho ambayo ni ya Kiswahili, na kuanzia hapo vinakwenda kama soma na pika. Hajibu, lakini hajibiwi, na hanijibii. Hasafiri, lakini hasafirishi mizigo. Hasamehe, lakini hasamehewi. Hasahau, lakini jambo lile halisahauliki. Hahesabu, lakini nyota hazihesabiki.

Na kuna maneno ya Kiarabu ambayo tangu mwanzo tumeyapokea, au tumeyazoea, yakiwa na a mwishoni. Mfano ni tawala, ambalo limetoka Kiarabu na bado tunasema “hatawali” na “atawale”. Mfano mwingine ni saidia, ambalo shina lake ni la Kiarabu na kila siku tunasema “hanisaidii”. Hakuna mtu anayesimama kuuliza asili yake kabla ya kulikanusha.

Fundi_Simu_Arusha

Naomba kuongeza kutoka kibandani kwangu. Wateja wananiletea simu na kuniambia “Fundi, simu haichaji”. Sijawahi kumsikia anayesema “haichaji” kwa namna nyingine yoyote, na chaji limetoka Kiingereza. Vivyo hivyo kuripoti na kufeli: “haripoti”, “hafeli”. Kwa hiyo nakubaliana na Mwalimu kwamba Kiarabu hakina siri yoyote ya peke yake. Neno lolote la kigeni likiingia na i mwishoni linatendewa hivyohivyo.

Mama_Wawili_Maskati

Shikamoo Mwalimu. Ninaishi Maskati, na nyumbani tunazungumza Kiswahili cha Unguja, ila watoto wangu wanasoma kwa Kiarabu. Mdogo amekuwa akisema “Baba hajibi simu” na “Twende, turude nyumbani”. Kaka yake humsahihisha kwa kumwambia kwamba jibu ni neno la Kiarabu, na Waarabu wanasema *yujibu*, kwa hiyo u ni lazima ibaki. Maelezo hayo yamenivutia lakini sijui kama ni ya kweli. Je, u iliyo mwishoni mwa jibu ni ile u ya Kiarabu?

Mwalimu_Mstaafu_Tanga

Marahaba, mama. Huyo mdogo anafanya jambo ambalo watoto wengi wanaokua na Kiswahili hulifanya: ameishika kanuni ya vitenzi vinavyoishia na a, na anaipeleka kila mahali. “Turude” imetengenezwa kwa mfano wa “tusome”, ambapo a hugeuka e tunapotaka jambo litendeke. Rudi haina a ya kugeuza, kwa hiyo ni “turudi”. Ataacha mwenyewe akiendelea kuwasikia ninyi.

Maelezo ya kaka yake ni ya mtoto mwenye akili, lakini hayavuki mtihani mmoja. Ikiwa u ya jibu imetoka katika *yujibu*, basi safiri, ambalo Waarabu wanalitamka *yusafiru*, lingekuwa “safiru” kwetu, na badili lingekuwa “badilu”. Sivyo ilivyo. Irabu ya mwisho tumeiweka wenyewe, kwa sababu Kiswahili hakipendi neno kuishia na konsonanti, na tumeichagua kwa kufuata sauti zilizoitangulia. Sikilizeni jibu, haribu, jaribu, hesabu, salimu, heshimu, laumu, fahamu, sifu na arifu: kabla ya irabu ya mwisho kuna b, m au f, sauti zinazotamkwa kwa midomo, na u nayo ni irabu ya midomo. Kisha sikilizeni safiri, badili, rudi, ahidi, tafiti, amini na dhani: hapo ulimi ndio unaofanya kazi nyuma ya meno, na i inaufuata kwa urahisi. Yapo yanayoonekana kuasi, kama shukuru, amuru, ruhusu na sujudu, lakini yatazameni vizuri: yote yana u katika silabi iliyotangulia, nayo imeivuta ya mwisho ifanane nayo. Na samehe na starehe yana h iliyotanguliwa na e. Sisemi kwamba kila neno litaingia humo bila kusukumwa, ila mengi mno yanaingia.

Mama_Wawili_Maskati

Ahsante sana. Nimemsomea kaka mtu, naye amenijibu kwamba bado yeye yuko sahihi kuhusu “hajibu”, hata kama sababu yake haikuwa sahihi. Sikuwa na la kumwambia.

Mtafuta_Maarifa

Mimi naona mnajisumbua bure. Kama mkuu alitaka kumlaumu mtumishi, angeandika “Hukujibu barua kwa wakati”. Kwa kuwa hakuandika hivyo, basi ni sifa.

Karani_wa_Masijala

Ndugu Mtafuta, “hukujibu” ni la wakati uliopita, nalo halikuwa katika swali. Fomu inazungumzia tabia ya mtu kwa ujumla, na lawama juu ya tabia inasemwa kwa wakati uliopo: “Hujibu simu zangu siku hizi”. Zaidi ya hayo, katika wakati uliopita hakuna kitenzi chochote kinachobadilika mwishoni. Tunasema “hukusoma” kama tunavyosema “hukujibu”.

Wa_Nairobi_Mashariki

Huku kwetu Nairobi tatizo hili halipo, kwa sababu watu wengi wanasema “haujibu” badala ya “hujibu” wanapomkanushia mtu wanayezungumza naye. “Mbona haunijibu?” ni ukanushi, na “hunijibu” inabaki kuwa ya mazoea. Nimekuwa nikikosolewa darasani kwa sababu ya “haujui” na “hauelewi”, lakini nikisoma uzi huu naona kuwa mtaani watu wamejitafutia dawa ya ugonjwa wa kweli.

Mwalimu_Mstaafu_Tanga

Dawa hiyo ina gharama yake. “Hau-” ni ukanushi wa ngeli nyingine: mti hauanguki, mlango haufungi, moto hauwaki. Ukimwambia mtu “haufungi”, umemweka katika ngeli ya mlango. Siwezi kuiandika katika barua ya ofisi, na mtahini hataikubali.

Wa_Nairobi_Mashariki

Mwalimu, mti hauwezi kuulizwa kwa nini haujibu, kwa hiyo hakuna atakayechanganya. Nakubali kwamba si sanifu. Sikubali kwamba haina maana.

Bi_Mtangazaji

Nimefanya kazi ya redio kwa muda mrefu, na nadhani mnaisahau sauti. Mtu akisema “Wewe hujibu barua zangu” akiwa analalamika, sauti yake inapanda katika “hujibu”, ilhali akisifu inatelemka taratibu. Msikilizaji hawezi kukosea. Tatizo ni la maandishi, si la lugha.

Fundi_Simu_Arusha

Dada, hiyo ni sauti ya hasira. Mtu mwenye hasira anapandisha sauti hata akisema “Habari za asubuhi”. Msomee mtu sentensi hiyo kwa utulivu kutoka kwenye karatasi, halafu mwulize maana yake.

Bi_Mtangazaji

Nimemsomea mwenzangu hapa studio. Amesema ni lawama. Nilikuwa nimekusudia sifa. Hata hivyo bado naamini kwamba katika mazungumzo ya kawaida tunatofautisha kwa sauti, na kwamba jaribio la kumsomea mtu sentensi moja isiyo na mwanzo wala mwisho halithibitishi lolote.

Mwalimu_Mstaafu_Tanga

Mkazo wa neno, kwa vyovyote vile, uko palepale, yaani katika silabi ya pili kutoka mwisho: huJIbu na huJIbu. Kama kuna tofauti ya kiimbo katika sentensi nzima, sitabishana na mtu anayeishi kwa kutumia sauti yake.

Karani_wa_Masijala

Nirudi kwenye fomu, kwa kuwa nimepewa kazi ya kuirekebisha. Nimepitia sentensi zote kwa kanuni ya Mwalimu, na mambo mawili yamenishangaza. Kwanza, “Hushirikiana na wenzake” haina shaka yoyote ingawa shirikiana limetoka katika shiriki, neno la Kiarabu. Ukanushi wake ungekuwa “Hushirikiani”. Pili, “Huheshimu viongozi wake” nayo haina shaka, ingawa heshimu haibadiliki, kwa sababu “wake” inaonyesha kwamba anayezungumziwa ni mtu wa tatu. Kama ni lawama ya moja kwa moja ingekuwa “viongozi wako”. Zinazobaki na utata ni zile zenye kitenzi kinachoishia na i, u au e na zisizo na neno lingine la kuonyesha nafsi: “Hujibu barua za wateja kwa wakati”, “Hufahamu taratibu za ofisi”, “Husahau maagizo” na “Huripoti matatizo mapema”. Hiyo ya “Husahau maagizo” inakwenda kinyume na wenzake, kwa kuwa ikisomwa kama mazoea ni lawama na ikisomwa kama ukanushi ni sifa.

Nimefikiria kuandika “Huwa hujibu barua kwa wakati” ili mazoea yaonekane wazi. Mnaonaje?

Kijana_wa_Vingunguti

Usiandike hivyo, ndugu yangu. “Huwa hujibu” ndiyo imekuwa lawama tupu. “Huwa” imeshachukua kazi ya mazoea, kwa hiyo “hujibu” inayofuata inabaki na maana moja tu, ya ukanushi. Ukitaka sifa, andika “Huwa anajibu”, na ukitaka kumkanusha mtu asiyekuwepo, “Huwa hajibu”. Sasa hivi mama yangu ananiambia “Huwa hujibu simu zangu”, na sijawahi kufikiri kwamba ananisifu.

Mwalimu_Mstaafu_Tanga

Kijana amesema kweli tupu, na mtihani huo ni mzuri kuliko maelezo yangu yote ya juu. Tangulizeni “huwa” mbele ya sentensi yenye utata na maana ya mazoea itatoweka. Kwa fomu yako, Karani, mimi ningeweka “Anajibu barua za wateja kwa wakati” na kuiacha hivyo. Kiambishi a- kinamtaja mtenda wa tatu, na ukanushi wake, “Hajibu”, unaanza kwa herufi nyingine, kwa hiyo hatuihitaji tena irabu ya mwisho ituamulie.

Bi_Mtangazaji

Lakini “anajibu” inaweza kumaanisha kwamba anajibu sasa hivi, nayo si tabia. Ningependelea “Huwa anajibu”.

Mwalimu_Mstaafu_Tanga

Katika fomu ya tathmini hakuna atakayedhani kwamba mtumishi ameketi anajibu barua wakati huo mkuu wake anapoweka alama. Ila sitagombana nawe. “Huwa anajibu” ni sahihi, ni ndefu tu.

Mtafuta_Maarifa

Samahani kwa kuuliza tena. Kwa nini basi mnasema hasibu? Mhasibu wetu “anahesabu” fedha, sijasikia “anahasibu”.

Mwalimu_Mstaafu_Tanga

Swali zuri, safari hii. Hasibu imo katika kamusi, lakini katika maongezi hesabu imechukua karibu kazi yake yote kama kitenzi, na hasibu imesalia hasa ndani ya mhasibu na uhasibu. Zote mbili zimetoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu na zote zinakanushwa kwa namna moja: hahesabu, hahasibu. Walimu huipenda hasibu kama mfano kwa sababu haina jina linalofanana nayo, ilhali “hesabu” ni jina pia, na mwanafunzi anaweza kuchanganya.

Na kwa kuwa tumeingia kwenye kuchanganya, kuna jozi moja inayogongana kwa namna tofauti na hujibu. Ishi ni neno la Kiarabu na ukanushi wake ni “haishi”. Isha, yaani kumalizika, ni neno la Kibantu na a yake inageuka i, kwa hiyo ukanushi wake nao ni “haishi”. “Mzee haishi vituko” na “Mzee haishi hapa” ni vitenzi viwili tofauti vilivyokutana katika umbo moja, kimoja kwa kubadilika na kingine kwa kutobadilika.

Karani_wa_Masijala

Nimekwisha kubadili sentensi zote kuwa na “ana-”, na mkuu ameridhika. Mtumishi aliyelalamika amekubali kuondoa barua yake. Limebaki jambo moja ambalo siwezi kulimaliza kwa kanuni yoyote iliyotajwa hapa. Katika fomu ya zamani kuna sentensi inayosema “Huhitaji kusimamiwa”. Hitaji inaishia na i, kwa hiyo ikisomwa kama mazoea ina maana kwamba mtu huyu kila mara anahitaji mtu wa kumsimamia, na ikisomwa kama ukanushi ina maana kwamba anaweza kuachwa afanye kazi peke yake. Nikiibadili lazima nichague kati ya “Anahitaji” na “Hahitaji”. Aliyeiandika alistaafu, na wakuu wa vitengo nilioongea nao wamegawanyika: wengine wamekuwa wakiweka alama kwa watumishi wao bora, wengine kwa wale wanaowasumbua.

Fundi_Simu_Arusha

Na fomu za zamani ziko kwenye majalada ya watu?

Karani_wa_Masijala

Ziko, na zimesainiwa.